"Something went wrong" si jibu, wadau!

Leo nina duku duku moja nalitoa. Ni hili la kujisajili kwenye programu fulani ukiwa na simu mpya kabisa, unajaza kila kitu sawa sawa, halafu unaambiwa:

```
Something went wrong. Please try again later.
```

Basi. Hakuna sababu wala namba ya kosa. Wengi hudhani simu ni feki au nywila ni mbaya. Mara nyingi sivyo. Huenda umepewa alama za mashaka, zikafika kiwango cha kukataliwa.

Iko hivi. Seva haikujui wewe, inatazama dalili. Simu mpya haina historia yoyote wala kuki za zamani, kwa hiyo haikutetei. Kisha inatazama anwani yako ya barua pepe: je, ni ya zile za muda zinazokufa baada ya dakika kumi? Mwisho inatazama anwani ya IP unayotokea: ndani ya saa hili wamejisajili wangapi kutokea hapo hapo?

Hapo ndipo sisi wa chuo tunaumia. Anwani za IP za mtindo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu dunia nzima, hazitoshi. Kwa hiyo waifai ya hosteli inawatoa watu kibao kwa anwani moja ya nje. Mmoja akiwa na simu yenye kirusi kinachotuma uchafu usiku kucha, anwani inachafuka kwa wote. Ni kama daladala nzima kushushwa kwa sababu abiria mmoja hajalipa nauli.

Unataka kuhakikisha? Angalia anwani kwenye mipangilio ya waifai ya simu yako. Ikianza na 10 au 192.168, hiyo ni ya ndani. Halafu fungua ifconfig.me uone ile ya nje, mwambie na jirani afungue. Mkiona namba ile ile, mko daladala moja.

Sasa kisa chenyewe. Mwenzangu wa chumbani alitaka kujisajili kwenye programu ambayo kundi lake linatumia kuandaa maandalio ya somo, wiki ya mwisho kabla ya kwenda fildi. Simu mpya, barua pepe aliyoifungua siku hiyo hiyo, waifai ya hosteli. Akakataliwa. Akabonyeza tena na tena, na kumbe kurudia haraka haraka ndiyo tabia ya roboti, kunaongeza mashaka. Tukaacha mpaka kesho yake, tukawa tunabadili kitu kimoja kimoja. Barua pepe yake ya zamani, ya tangu sekondari, kwa waifai ile ile: ikakataa. Jioni, barua pepe mpya kwa bando la laini yake: ikakataa. Siku ya tatu, barua pepe ya zamani kwa bando: ikapita mara moja!

Sisemi huo ni ushahidi wa maabara, maana hata kusubiri kwenyewe huenda kulisaidia. Lakini unaona picha: alama zinajumlishwa. Kusafisha upande mmoja hakukutosha. Na bando nalo si dawa ya kila mara, kwa sababu makampuni ya simu nayo yanachangisha wateja anwani moja. VPN za bure ndiyo usiguse kabisa, anwani zake zimeshachokwa.

Najua hoja ya upande wa pili. Ukimwambia kila mtu "tumekukataa kwa sababu ya barua pepe", tapeli naye anasoma, anabadili barua pepe, anarudi. Hiyo nakubali. Lakini mi naona kuna njia ya kati: "Mtandao unaotumia una matatizo, jaribu mwingine, au bonyeza hapa upitiwe na mtu." Tapeli anapata kidogo sana hapo, mwanafunzi anapata mlango.

Tena si malalamiko ya hosteli yetu tu. Mwaka 2025 kampuni ya Cloudflare ilichapisha uchunguzi wake kwamba anwani zinazochangiwa na wateja wengi zinabanwa takriban mara tatu zaidi ya nyingine, ingawa hazikuwa na roboti wengi zaidi. Na wanaochangia sana ni nchi kama zetu, zilizochelewa kupata anwani. Yaani umaskini wa anwani unahesabiwa kama utapeli!

Nasi walimu watarajiwa tunajua: ukimpa mwanafunzi sifuri bila kumwonyesha alipokosea, hujasahihisha, umemfukuza tu.

Nawasilisha. Mwenye mawazo tofauti aseme.