Babu Hana Kivuli

Safu ya wiki hii imetokana na ujumbe wa msikilizaji wetu wa Bidiya. Desemba ukoo mzima ulikwenda kwenye vilima vya mchanga, wakapiga picha saa kumi alasiri. Baadaye kijana mmoja wa ukoo akamuingiza marehemu babu yao katikati, kamtoa kwenye picha ya studio aliyopiga Unguja zamani hizo. Nia njema kabisa. Mama mtu akaitazama kwenye simu, akasema: "Huyu ni babaangu, lakini mbona kama amebandikwa?" Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuitundika, na swali la msikilizaji ni moja: inatengenezeka?

Tuanze na jicho la mama, manake halikukosea. Desemba saa kumi, jua la Bidiya liko chini sana. Kivuli cha mtu kinakuwa kama mara tatu na nusu ya urefu wake, na katika picha hii vivuli vya wote vinalala kushoto, kwa sababu jua liko kulia. Babu peke yake hana kivuli. Miguu yake haikanyagi mchanga, inaelea tu.

Kivuli kinaweza kuchorwa. Chukua umbo lake babu, lijaze rangi nyeusi, lilaze chini kufuata vivuli vya wenzake, kisha lififishe. Mambo mawili watu huyasahau. Kwanza, penye visigino kivuli ni kizito na ukingo wake ni mkali, ila kadiri kinavyokwenda mbali kinalainika. Pili, kivuli juu ya mchanga si cheusi. Mbingu inamulika mle ndani, kwa hiyo kina ubuluu kidogo. Chukua rangi kwenye kivuli cha jirani yake, usibuni.

Na kingo? Kuzunguka kilemba cha babu kuna mstari mweupe. Huo ni ukuta wa studio uliokuja naye wakati wa kumkata. Punguza mpaka wa mkato pikseli moja au mbili kwa ndani, ulainishe kidogo, na ndevu zifanyie kazi kwa brashi taratibu. Kisha igeuze picha nzima iwe nyeusi na nyeupe, uongeze chembechembe kama za picha ya zamani, ili wazima nao wafanane na babu. Kazi ya jioni moja.

Kilichobaki ndicho kigumu, nacho ni uso. Angalia kivuli cha pua ya babu: kimeangukia shavu lililo upande wa kulia wa picha. Maana yake taa ya studio ilikuwa kushoto, na juu kidogo. Wanawe na wajukuu wote wamemulikwa kutoka kulia. Mama hakujua kulieleza hilo, lakini aliliona.

Mtu atasema, mgeuze babu kama kwenye kioo, khalas. Mwanga utakaa sawa, lakini saa yake itahamia mkono wa kulia, na uso wake utakuwa ule aliouona yeye kwenye kioo, sio ule waliouona wanawe. Hakuna uso ulio sawa pande zote mbili. Aliyelelewa na uso ule atahisi kuna kitu hakikai, hata asipojua ni nini.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: kivuli na kingo zinatengenezeka, mwanga wa uso ni vigumu kuutengeneza vizuri. Mwanga wa babu ulishapigwa, si rahisi kuubadilisha. Walio rahisi kubadilika ni walio hai.

Desemba ijayo anzeni na picha ya babu. Mwanga wake unatoka kushoto, kama nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi. Bidiya mwezi huo jua hufika kimo hicho karibu na saa tano asubuhi, likiwa upande wa kusini. Mpiga picha aelekee magharibi, na jua litakuwa kushoto kwake, nyuma kidogo. Vivuli vitalala kulia, virefu kuliko watu kwa kiasi kidogo tu, na pua zote zitakubaliana na ya babu. Tafuteni mchanga tambarare, kwa sababu kwenye mteremko kivuli hupinda na kukichora ni taabu. Acheni nafasi ya mtu mmoja katikati, na kamera iwe kimo kilekile cha ile ya studio, kama kifuani.

Na kama picha ya babu inaishia kiunoni, msimkate kabisa. Itieni fremu, mjukuu mdogo aishike mbele. Hapo kivuli kitakuwa cha fremu, na cha kweli.

Nyie kwenu mlifanyaje? Tuleteeni sauti, tutazisikiliza kwenye kipindi kijacho.