Kabla ya kulipia faundesheni, toka nje uitazame

Ukisimama kando ya mlango wa kanisa siku ya harusi, msomaji, utawaona akina dada waliojipamba wakapambika, lakini uso una rangi yake na shingo ina yake. Uso umepauka kama uliopakwa majivu, au umekuwa wa rangi ya chungwa, na kwenye taya kuna mstari kama wa mpaka wa shamba. Watu hunong'ona kuwa dada huyo hajui kujipodoa. Mimi naona kosa kubwa si lake. Aliuziwa faundesheni chini ya taa ya duka, akajaribishiwa mgongoni mwa mkono, akalipa na kwenda zake. Rangi ya ngozi haichaguliwi hivyo, hasa ngozi iliyokolea weusi.

Kwanza tuelewe jivu hilo latoka wapi. Rangi zinazotiwa ndani ya faundesheni kwa kawaida ni nne: nyeupe ya titani, pamoja na manjano, nyekundu na nyeusi zitokanazo na oksidi za chuma. Mtengenezaji hupata rangi za ngozi mbalimbali kwa kubadilisha vipimo vya hizo nne. Kwa ngozi nyeusi, nyeupe yafaa ipunguzwe sana. Lakini wapo waliozoea kuchukua mchanganyiko wa watu weupe na kuuongezea nyeusi tu. Mtoto yeyote wa shule aliyewahi kuchora anajua kuwa nyeusi ikikutana na nyeupe huzaa kijivu. Kijivu hicho ndicho kinachokaa juu ya uso wako.

Tatizo hili si geni. Iman, msichana wa Kisomali aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kuwa mwanamitindo, amesimulia hadharani kuwa katika kazi yake ya kwanza huko New York mwaka 1976, mpambaji alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe. Walichompaka kilimwacha na uso wa kijivu. Baada ya hapo alijifunza kujichanganyia rangi, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake ya vipodozi. Leo rangi zinazofaa ngozi zetu ni nyingi kuliko zamani. Hata hivyo, wingi wa chupa rafuni haukusaidii kitu ikiwa huwezi kutambua iliyo yako.

Jambo la pili ni mwangaza. Taa za dukani hazina rangi zote zilizomo katika mwangaza wa jua. Taa ya manjano huongeza wekundu na kuificha rangi iliyopauka; taa nyeupe ya mrija huweza kuufanya uso uwe na ubuluu au ukijani. Kwa hivyo vitu viwili vyaweza kufanana kabisa chini ya taa, na vikatofautiana mara vitokapo nje. Wanunuzi wa vitambaa katika barabara ya Biashara, Nairobi, wanalijua hili. Anayetafuta uzi wa kulingana na kitenge chake hutoka navyo hadi mlangoni, akavitazama, ndipo akalipa. Ikiwa uzi wa shilingi chache hupewa heshima hiyo, mbona uso wako unyimwe?

Basi nenda dukani mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ukiwa umenawa uso na hukujipaka poda. Usivae kitambaa chekundu wala cha manjano shingoni, maana rangi yake hurudi kwenye ngozi na kukudanganya. Omba rangi tatu: ile unayodhani ni yako, nyingine iliyokolea zaidi kidogo, na ya tatu yenye weusi kama wa ile ya pili lakini isiyo na wekundu mwingi. Hii ya tatu ni muhimu kwa sababu watu wawili wenye weusi sawa huweza kutofautiana kwa ndani. Mmoja ana wekundu, mwingine umanjano, na mwingine weusi wake una ubuluu.

Usipake mgongoni mwa mkono. Mkono hupigwa na jua kwa namna yake, na hutauweka usoni. Paka mistari mitatu myembamba kuanzia chini ya shavu, ivuke taya na kuteremka shingoni, kila mmoja wa urefu wa sentimita tatu au nne. Itandaze kwa ncha ya pamba safi bila kuisugua ikapotea. Usikubali muuzaji akupake kwa kidole chake, au kwa sponji iliyogusa nyuso za watu wengine, kwani magonjwa ya ngozi na ya macho huweza kuambukizwa kwa njia hiyo. Ikiwa una chunusi zilizopasuka au kidonda, usijaribu mahali hapo.

Kisha ngoja dakika 15 hadi 20. Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka. Faundesheni ikiwa mbichi ina vimiminiko ambavyo bado havijakauka. Vikishakauka, na rangi ikachanganyika na mafuta ya ngozi yako, aghalabu hukolea zaidi au kugeuka kuwa ya chungwa. Ile uliyoiona dakika ya kwanza siyo utakayotembea nayo mchana kutwa.

Baada ya muda huo toka nje na kioo kidogo cha mkononi. Simama kivulini mahali penye mwangaza wa kutosha, uso ukielekea kwenye anga iliyo wazi. Usisimame kwenye jua kali, kwani hufanya kila kitu king'ae, wala chini ya mwavuli wa rangi au karibu na ukuta uliopakwa rangi kali. Shika kioo mbali kiasi cha urefu wa mkono wako. Usitafute mstari unaopendeza. Tafuta ule usioonekana. Uliopotea kwenye taya na shingo ndio wako.

Tuchukue mfano wa mwalimu kutoka Nakuru, mwenye ngozi nyeusi iliyokolea, anayejiandaa kwa harusi ya dada yake. Paji lake la uso ni jeusi kuliko mashavu, na shingo inakaribiana na mashavu. Hali hii ni ya kawaida kabisa kwa watu weusi. Dukani, mstari wa kwanza, aliochaguliwa na muuzaji, unamng'arisha, na kila mtu anausifu. Nje, baada ya dakika 15, mstari huo ni jivu tupu. Wa pili umegeuka kama tofali. Wa tatu, ambao dukani ulionekana umepooza, hauonekani tena alipopita taya. Huo ndio anunue. Kwenye paji la uso aupake kwa wepesi sana, ili weusi wake wa asili uendelee kuonekana. Akijaribu kulifanya paji lilingane na mashavu kwa kupaka tabaka zito, atalirudisha lile jivu alilolikimbia.

Na ikiwa hakuna mstari uliopotea? Tazama miwili iliyokaribia, mmoja ukiwa mweusi mno na mwingine mweupe mno. Changanya tone moja la hii na mawili ya ile, ujaribu tena. Kununua chupa mbili ndogo ni gharama, lakini chupa moja isiyokufaa ni hasara tupu. Kama yote mitatu imepauka, duka hilo halina rangi yako. Ondoka na pesa zako.

Ukiwa mbele ya kioo, itazame shingo yenyewe pia. Ikiwa ngozi ya nyuma ya shingo na ya makwapa imekuwa nyeusi kuliko kwingine, nene na laini kama mahameli, hata ukiosha haitoki, usiitafutie faundesheni. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba mwili umeanza kushindwa kuitumia sukari ipasavyo. Nenda hospitali upimwe sukari.

Najua wenye maduka watalalamika. Watasema mteja akitoka nje na chupa hatarudi, na kwamba kila mtu akijaribu bidhaa zitakwisha. Hofu yao naielewa, lakini dawa yake ni rahisi. Anayetoka nje si chupa, ni mteja mwenye mistari mitatu shingoni. Chupa ibaki kaunta. Kila aina iwe na chupa moja ya kujaribia, muuzaji adondoshe tone kwenye karatasi safi, na kioo kitundikwe karibu na mlango. Gharama ya matone hayo ni ndogo kuliko ugomvi wa mteja anayerudi kesho yake akidai pesa zake. Duka linalokataa hata tone moja nalishuku. Pengine linajua kuwa kilichomo ndani ya chupa si kile kilichoandikwa nje. Bidhaa bandia huwa na nambari ileile ya rangi lakini rangi tofauti, kwa hiyo hata kama unaijua nambari yako, jaribu upya kila ununuapo mahali pageni, na uangalie alama ya ubora ya KEBS pamoja na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu madhara yake hayaishii kwenye picha za harusi. Msichana anayejaribu chupa tatu, nne, zote zikampausha, huanza kuamini kuwa yenye kasoro ni ngozi yake. Kaunta hiyohiyo mara nyingi huwa na mtu wa kumnong'oneza kuhusu krimu ya kujichubua. Krimu zenye zebaki huharibu figo. Zile za haidrokwinoni, zikitumiwa muda mrefu, huweza kuleta mabaka ya weusi wenye ubuluu ambayo ni vigumu kuyaondoa. Isitoshe, uso uliochubuliwa huachana na shingo hata zaidi, na hapo hakuna faundesheni itakayoviunganisha kirahisi.

Kwa hivyo, msomaji, muuzaji akikuambia kuwa rangi hii imekutoa vizuri, mshukuru, kisha umwambie kuwa unatoka nje kwa dakika 15. Akikataa, maduka ni mengi.