Rafiki Ameposa, Nawe Una Mashaka

Mwaka uliopita mwalimu mwenzangu hapa Bukavu, mtu wa miaka 34 aliyefiwa na mke, aliniandikia jioni moja: «Ndugu, posa imepokelewa. Ng'ombe watapelekwa baada ya Pasaka.» Nilimfurahia, kisha nikasita. Nilikuwa nimemsindikiza mara mbili kwa jamaa ya binti, na mara zote mbili kila swali aliloulizwa binti lilijibiwa na baba yake mdogo. Alipoulizwa kama angependa kuishi mjini, baba mdogo alisema: «Atapenda mahali atakapopelekwa.»

Nimjibu nini rafiki yangu?

Kwanza nilipima shaka yangu, kwa maana mashaka si ya aina moja. Kuna shaka ya mapendeleo tu: mchumba anasema mno, jamaa yake ni watu wa makuu, mimi nisingemchagua. Hiyo tuimeze, kwani si sisi tunaooa. Kuna shaka inayogusa kizuizi cha ndoa, kwa mfano kujua hakika kwamba mmoja wao ana ndoa nyingine iliyo hai. Hapo Sheria ya Kanisa, katika kanuni 1069, inawapasa waamini wote kumwarifu paroko au askofu kabla ya ndoa. Na kuna shaka ya katikati: jambo uliloliona kwa macho yako, lisilo kizuizi kwa lenyewe, lakini linaloweza kuharibu ndoa. Yangu ilikuwa ya namna hiyo. Kwetu binti kunyamaza mbele ya wageni ni adabu. Kimya chake peke yake hakikuthibitisha neno. Lakini ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili wenyewe, wala hakuna baba mdogo awezaye kuitoa kwa niaba yao. Ilifaa kuuliza.

Niliwahi kukosea katika jambo kama hili. Miaka mingi iliyopita nilimwandikia rafiki mwingine ujumbe mrefu wenye makosa sita ya mchumba wake, mengine nikiwa nimeyasikia sokoni. Jioni ile ile alimsomea mchumba wake yote. Walioana, wakaishi vema, nami kwa miaka mingi sikuweza kuketi nyumbani mwao bila haya. Hapo nilijifunza kwamba ujumbe wa namna hii huandikwa kana kwamba mchumba mwenyewe atausoma.

Basi safari hii niliandika maneno machache:

«Ndugu yangu, nakupongeza, nami nitasimama nawe siku ya ndoa. Kuna jambo moja niliona mara mbili, nami nisingekuwa rafiki kama ningelificha. Kila tulipomwuliza dada yetu, baba mdogo alijibu. Labda ni adabu tu. Je, umewahi kusikia kutoka kinywani mwake yeye anataka nini? Kama umesikia, nisamehe. Usihangaike kunijibu, sitarudia neno hili.»

Angalieni lisilokuwamo. Sikusema binti hafai, wala sikumtaja mtu mwingine anayefikiri kama mimi, kwa maana mtu akijua kwamba anasengenywa na wengi huitetea nafsi yake badala ya kusikiliza. Niliandika nililoliona, nikaweka swali ambalo yeye peke yake angeweza kulitafutia jibu.

Tena niliandika kabla ya ng'ombe kupelekwa. Kwa Sheria ya Kanisa, kanuni 1062, ahadi ya ndoa haimpi mtu haki ya kumlazimisha mwenzake kufunga ndoa. Lakini katika vijiji vyetu ng'ombe wa mahari hawakai zizini wakingoja: huenda wakamwolea kaka wa binti. Wakishatoka, kila anayesita huonekana mwenye kuvunja nyumba mbili.

Rafiki yangu alinyamaza siku tisa. Kisha akamtuma dada yake mkubwa akaketi na binti, wawili peke yao. Binti, mwenye miaka 20, alisema kwamba hamkatai mwalimu. Lakini aliambiwa ng'ombe wale wanangojewa na kaka yake, naye alitamani kwanza kumaliza mwaka wa sita na kufanya mtihani wa Serikali. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Mahari bado haijapelekwa. Baba mdogo amekasirika, na rafiki yangu husikia maneno ya watu kila Dominika. Sijui kama watafunga ndoa. Najua kwamba sasa wanazungumza wao wenyewe, na kwamba wakija mbele ya padri, swali atakaloulizwa binti halitakuwa la kwanza kuulizwa maishani mwake.

Nami nilitimiza ahadi yangu: sikulirudia neno lile. Tukikutana namwuliza habari za darasa, na habari za uchumba namwachia yeye aanze.