Wito: Tazameni Vidole vya Wazee Wetu Kabla ya Kidonda

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu yupo mtu mwenye kisukari, nakuomba leo jioni umwombe akunyooshee miguu uitazame. Usitafute kidonda. Tafuta kidole kilichoinuka pale kinapoanzia, kisha kikajikunja kwa mbele hadi ncha yake ikakanyaga chini. Ukikiona, inamisha kichwa uiangalie ncha hiyo kwa makini. Ikiwa ina sugu, au ukucha wake umekuwa mnene kuliko wa wenzake, au chini ya sugu pana doa jeusi, umelikuta tatizo likiwa bado dogo. Katika hatua hiyo mara nyingi linaweza kumalizwa kwa tundu moja dogo chini ya kidole, na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Likiachwa, sugu itapasuka, vijidudu vitafika kwenye mfupa, na mazungumzo yatakuwa ya kukata kidole, pengine na mguu.

Kidole hujikunja kwa sababu ya misuli iliyoacha kusaidiana. Kila kidole kina misuli mirefu inayotoka kwenye muundi, ambayo hushuka kwa kano ndefu na kukiinua au kukikunja, na misuli midogo iliyomo ndani ya mguu wenyewe, ambayo kazi yake ni kukibakiza kikiwa kimenyooka na kulala juu ya ardhi. Ni kama mlingoti wa jahazi: husimama wima kwa sababu kamba za pande zote zinauvuta sawasawa. Kisukari kikikaa miaka bila kudhibitiwa, huharibu mishipa ya fahamu, kikianzia na ile mirefu inayofika mbali zaidi, yaani kwenye nyayo na vidole. Misuli midogo ya mguu hunyauka. Ile mirefu, ambayo mishipa yake haiendi mbali hivyo, hubaki na nguvu. Basi kano ya juu huvuta shina la kidole kuelekea angani, kano ya chini huikunja ncha, na hakuna tena cha kuzizuia. Vidole vyote huweza kuchukua umbo la kucha za kuku, na nyama laini iliyokuwa ikilala chini ya mifupa ya unyayo wa mbele husukumwa mbele na kuiacha mifupa hiyo ikikanyaga karibu na ngozi tupu.

Ukoma hufanya jambo lilelile kwa njia nyingine: huushambulia mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kifundo cha mguu kwa upande wa ndani. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yanawahusu pia ndugu zetu waliopona ukoma wakabaki na miguu yenye ganzi. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India tangu miaka ya 1940, ndiye aliyesaidia dunia kuelewa kwamba vidonda vya miguu ya wagonjwa hao havikutokana na nyama inayooza yenyewe. Vilitokana na kutosikia maumivu.

Lipo umbo jingine ambalo wengi wetu tunalo bila ugonjwa wowote. Kidole kimoja, mara nyingi cha pili, hupinda kwenye kifundo cha kati tu, kikawa na kilima kinachosugua kiatu kwa juu. Hicho huletwa na kiatu kifupi au chenye pua nyembamba kwa miaka mingi, hasa kwa mtu ambaye kidole chake cha pili ni kirefu kuliko cha gumba, au ambaye kidole gumba kimeegemea upande na kuwasukuma wenzake. Mwenye miguu inayosikia vizuri atalalamika mapema na kubadili kiatu. Wasiwasi wangu ni kwa yule asiyelalamika.

Kumjua ni rahisi. Muulize kama ndala imewahi kumvuka njiani asijue mpaka alipotazama nyuma. Kisha umpime kwa kidole chako. Mwambie afumbe macho na aseme kila anapohisi kuguswa. Gusa kwa wepesi, sekunde moja au mbili tu, bila kubonyeza wala kupapasa, ncha ya kidole gumba, cha tatu na cha mwisho, mguu mmoja halafu wa pili. Hizo ni ncha sita. Akikosa kuhisi mbili au zaidi, miguu yake ina ganzi, na lazima itazamwe kila siku. Kipimo hiki kilibuniwa na madaktari wa Ipswich, Uingereza, ili ndugu wa mgonjwa aweze kukifanya nyumbani.

Baada ya hapo jaribu jambo la pili. Akiwa amekaa, weka kidole gumba cha mkono wako chini ya unyayo, pale nyuma ya kidole kilichopinda, usukume juu taratibu. Kidole kikinyooka, bado ni laini. Kikikataa hata ukikivuta kwa mkono, kifundo kimeshakauka. Tofauti hii ndiyo inayoamua ukubwa wa matibabu, na kwa kawaida kidole huanza na ulaini kikaishia ukavu. Ndiyo maana nasema leo jioni.

Tuseme umempima mama wa miaka 58, muuza samaki, mwenye kisukari cha miaka 14. Amekosa kuhisi ncha nne kati ya sita. Kidole cha pili cha mguu wa kulia kimejikunja, kinanyooka kikisukumwa, na nchani kina sugu yenye doa jeusi. Doa hilo ni damu iliyovilia: ngozi ya chini imeanza kupasuka kwa kubanwa kati ya sugu na mfupa. Mpeleke kliniki ya kisukari. Huko muuguzi aliyefundishwa ataikwangua sugu kwa kisu safi, na hapo mara nyingi hutokea kidonda kidogo kilichokuwa kimefichwa. Ataingiza chuma chembamba kuona kama kinagusa mfupa. Atatafuta mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo, kwa sababu kidole kisichopata damu hakifai kuguswa kwa kisu kabla tatizo hilo halijashughulikiwa.

Hatua inayofuata ni kuiondolea ncha uzito. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hutafuta pamba au plasta nene wakaiweka juu ya sugu, kisha wakakivaa tena kiatu kilekile. Kiatu kile hakikuwa na nafasi tangu mwanzo, kwa hiyo unene ulioongezwa unazidisha mkandamizo. Mto unaosaidia ncha hukaa chini ya vidole, kwenye uvungu ule uliojitokeza vilipojikunja, ili vidole viulalie na ncha iinuke. Huweza kuwa wa silikoni au wa sponji iliyoshikamana, uliokatwa kufuata uvungu wenyewe. Kwa kilima cha juu, mto mwembamba wa kukizunguka unafaa kuliko wa kukifunika. Lakini kwa mwenye ganzi, chochote kinachozungushwa kwenye kidole, iwe plasta, uzi au pete ya mpira, ni hatari. Kidole kikivimba mchana kitanyongwa bila mwenyewe kujua. Wembe pia usitumike, wala zile plasta za sugu zenye asidi. Asidi haibagui sugu na ngozi nzima.

Kiatu nacho kiwe na pua ya duara na kina cha kutosha kuupokea mto. Msimamishe mgonjwa juu ya karatasi ngumu, uuchore mguu wake, ukate karatasi kufuata mchoro na kuiingiza kwenye kiatu unachotaka kununua. Ikijikunja, kiatu ni kidogo. Kati ya kidole kirefu na mwisho wa kiatu ibaki kama sentimita moja. Msitegemee neno la mgonjwa kwamba kinamkaa vizuri, maana mwenye ganzi huchagua kiatu kinachobana, kwa kuwa ndicho pekee anachokihisi.

Yule mama akivaa hivyo na sugu ikakwanguliwa, huenda ikatosha. Ikirudi tena na tena, au kidonda kikikataa kufunga, ndipo upasuaji unapofaa. Na kwa kidole laini upasuaji ni mdogo mno. Daktari hudunga ganzi, hupitisha sindano nene au kisu chembamba chini ya kidole, hukata kano ndefu inayoikunja ncha, na kidole hunyooka papo hapo. Mgonjwa huondoka akitembea kwa kiatu cha soli ngumu. Anachopoteza ni uwezo wa kuikunja ncha, na wengi hawauhitaji. Jopo la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari limependekeza njia hii katika miongozo yake ya 2019 na 2023, kwa kidonda cha ncha na hata kwa sugu isiyopasuka bado. Ina kasoro moja ambayo familia iijue: uzito uliokuwa kwenye kidole hicho huweza kuhamia kwa jirani yake, kwa hiyo baada ya miezi kidole cha tatu nacho huenda kikaota sugu. Macho yasiondoke kwenye mguu kwa sababu kidole kimoja kimepona.

Kidole kilichokauka ni habari nyingine. Hapo daktari huondoa kipande cha mfupa kwenye kifundo cha kati, au huiunganisha mifupa miwili, na mara nyingi huacha pini ya chuma ikichungulia nchani kwa wiki nne hadi sita. Uvimbe hukaa miezi. Kidole huweza kubaki kigumu, kuelea bila kugusa ardhi, au kupinda tena. Kwa mtu mwenye maumivu ya kweli ambayo kiatu na mto vimeshindwa kuyapunguza, inafaa. Kwa kutafuta uzuri wa mguu ndani ya mchuchumio, sishauri hata kidogo.

Kwenu mafundi viatu wa mitaani: mkishona makubazi au kiatu kwa mwenye kisukari, mwacheni avue viatu kabisa, pimeni na urefu wa kidole kinaponyooka, tena inueni ngozi ya juu. Kwenu wauguzi wa kliniki: msiwaandikie wagonjwa dawa wakiwa wamevaa viatu. Kwenu mnaotawadha mara tano kwa siku: mkono unapopita kati ya vidole, jicho nalo lishuke, kisha pafuteni pakauke. Na yeyote atakayekuta kidole kizima kimevimba, chekundu, chenye joto au kinachotoa usaha, asingoje siku ya kliniki. Aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mgonjwa anasema hakimuumi.

Ukifika kwa daktari, mweleze wazi: kidole kimepinda, kikisukumwa kinanyooka, nchani pana sugu, na mgonjwa hahisi kuguswa. Muombe apime mapigo ya damu ya mguu, kisha umuulize kama kano ya kidole hicho inaweza kukatwa sasa. Kama haifanyiki hapo, omba barua ya rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa mifupa, na muulize sugu itakwanguliwa wapi, tena na nani, wakati mnasubiri.