Salamu ya bethdei aliyoiandika sekretari: ni ya bosi au si ya bosi?

Wafanyabiashara wenzangu, kuna ubishi nimeusikia sana huku Kahama. Wengine wanasema bosi akimtakia mteja heri ya siku ya kuzaliwa kwa maneno aliyoandikiwa na sekretari wake, huo ni unafiki. Wengine wanasema haina shida, mteja hawezi kujua.

Mimi sikubaliani na pande zote mbili. Kuandikiwa siyo unafiki. Unafiki ni pale ambapo ndani ya ile meseji kuna sentensi ambayo bosi mwenyewe hawezi kuisema kwa mdomo. Na hao wanaosema mteja hajui, naomba niwaambie: anajua, tena haraka sana.

Dada yangu ni katibu muhtasi kwenye kampuni moja huko Geita, inakodisha kompresa na pampu za maji kwa wachimbaji wadogo. Kazi mojawapo anayopewa ni hii. Wateja wakubwa wa mkurugenzi wake hawafiki hata 20, wengi ni wenye maduara na makarasha, na kila mmoja anaandikiwa meseji yake peke yake. Nimemwona anavyofanya, na nilichokiona ndo nimekichukua kwenye biashara yangu ya viatu na nguo.

Chukua mteja mmoja, mzee mwenye maduara maeneo ya Nyarugusu. Wiki moja kabla ya siku yake dada anamfuata bosi na maswali matatu tu. La kwanza, mkiwa wawili unamwitaje? La pili, mara ya mwisho mlipokutana mliongea nini ambacho siyo biashara? La tatu, kuna kitu nisikiguse? Hilo la tatu watu wanaliruka na ndilo linaloharibu. Kama mzee amefiwa juzi, au ana deni halijaisha, au duara lake limejaa maji, hayo hayaingii kwenye salamu. Na kwa huku kwetu kuna moja zaidi: usimpongeze mtu kwa uzalishaji. Mchimbaji aliyepata mzigo mzuri hataki iandikwe kwenye simu inayoshikwa na watoto na madereva wake.

Majibu ya bosi yalikuwa hivi. Anamwita "baba", wanasalimiana Kisukuma, na mara ya mwisho mzee alimlisha michembe na maziwa, halafu akamfungia mingine ya kupeleka nyumbani. Basi. Hiyo inatosha kabisa.

Sasa angalia ile meseji ambayo kampuni ilikuwa inatuma kabla dada hajaanza kazi pale: "Ndugu mteja wetu mpendwa, kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote tunakutakia heri ya siku yako ya kuzaliwa. Tunathamini ushirikiano wako. Karibu tena tukuhudumie." Hakuna kosa la lugha hapo. Tatizo ni kwamba unaweza kumtumia mtu yeyote Tanzania nzima na ikamkaa sawa. Benki wanatuma hivyo, mitandao ya simu wanatuma hivyo, na mteja anaisoma kama anavyosoma meseji ya bando kuisha.

Dada aliandika hivi: "Mwangaluka baba. Leo ni siku yako ya kuzaliwa, hongera kwa kuongeza mwaka. Ile michembe uliyonifungia mke wangu bado ananiuliza nitaileta lini tena. Mungu akutunze wewe na familia. Jioni nitakupigia."

Bosi akaisoma, akakata mstari mmoja. Mke wake hakuwahi kuuliza chochote, kwa sababu michembe yenyewe haikufika nyumbani, aliimaliza na dereva njiani. Akaandika mwenyewe: "Ile michembe uliyonifungia iliishia kwenye gari, nyumbani hawajaiona mpaka leo." Sasa linganisha. Sentensi ya dada ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya kubuni. Hii ya bosi ni ya kweli, tena inachekesha zaidi. Mzee akipiga simu akauliza habari za michembe, bosi ana cha kusema. Kwa ile ya kwanza angeanza kujiumauma, au vibaya zaidi, mzee angekutana na yule mke siku moja msibani akamtania, mama wa watu akabaki anashangaa.

Hicho ndo kipimo changu mimi. Kwa kila sentensi jiulize: mteja akiidaka na kuendeleza maongezi, mwenye jina chini ya meseji ataweza kujibu? Kama hawezi, itoke. Kwa kipimo hichohicho dada huwa haandiki "nimekumbuka leo ni siku yako". Bosi hakukumbuka, daftari ndo lilikumbuka. Anaandika "leo ni siku yako", inatosha, na ni kweli.

Na ona kilichokosekana humo. Hakuna cheo cha bosi, hakuna jina la kampuni, hakuna neno pampu. Kuna wenzetu wanaweka salamu halafu chini yake "leo kwa ajili yako punguzo asilimia 10". Mi nasema usichanganye. Ukimpa mtu salamu yenye bei ndani yake, kinachobaki kichwani ni bei. Kama unataka kumpa punguzo mpe wiki ijayo akija kununua, mwambie kwa mdomo.

Twende kwenye kutuma, maana hapa ndo watu wanaumbuka. Sekretari anaandika rasimu, anamtumia bosi kwa WhatsApp, bosi anaibonyeza na kuipeleka moja kwa moja kwa mteja. Juu ya meseji linatokea neno "Forwarded". Mteja analiona kabla hajasoma hata salamu. Maneno yote matamu yaliyofuata hayana kazi tena. Inatakiwa bosi ainakili, aibandike kwenye chati ya mteja, ndo atume. Na rasimu iwe kwenye meseji moja. Ukinakili meseji mbili kwa pamoja, WhatsApp inabeba na tarehe, saa na jina la aliyeziandika, kwa hiyo mteja anapokea salamu yenye jina la sekretari katikati.

Kama mteja anatumia simu ya kitochi, utatuma meseji ya kawaida. Kumbuka hiyo inahesabiwa herufi 160, nafasi zikiwemo. Ukiweka ka-emoji kamoja tu, kipimo kinashuka mpaka 70, meseji inakatwa vipande na wewe unalipia kila kipande. Keki na maputo waachie wenye simu janja.

Halafu ile ahadi ya "jioni nitakupigia". Hiyo ni ahadi, siyo pambo. Dada anaiandika kwenye ratiba ya bosi saa 12 jioni, na kama bosi yuko safarini sehemu isiyo na mtandao, sentensi inatolewa mapema. Akijibu mteja, anayejibu tena ni bosi, siyo dada. Sekretari anaweza kuandika ya kwanza kwa sababu ana muda wa kumuuliza bosi. Ya pili inakuja papo hapo, na hapo ndipo sauti inabadilika mteja akahisi anaongea na mtu mwingine.

Sasa tarehe yenyewe inatoka wapi? Hili ni kubwa. Ofisi nyingi zina nakala ya kitambulisho cha mteja kwenye faili la mkataba, na namba ya NIDA inaanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo sekretari anaona amepata njia rahisi. Mimi siikubali njia hiyo kwa sababu mbili.

Ya kwanza, mteja alitoa kitambulisho kwa ajili ya mkataba, siyo kwa ajili ya salamu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msingi wake mmoja ni huo: taarifa uliyoichukua kwa kazi fulani itumike kwa kazi hiyo. Hata ukiweka sheria pembeni, mtu anashtuka. Anajiuliza hawa tarehe yangu wameitoa wapi, na nini kingine wamekiona?

Ya pili, tarehe hiyo mara nyingi siyo yake. Wazee wengi wa Usukumani hawakuandikwa siku waliyozaliwa, walipojiandikisha wakawekewa tarehe 1 Januari au 1 Julai. Unamkuta mzee anaitwa Mabula, jina la aliyezaliwa mvua zikinyesha, halafu kitambulisho kinasema Julai Mosi, kiangazi kikavu kabisa. Ukimtumia salamu siku hiyo unamwonyesha kwamba umesoma karatasi zake na humjui yeye. Ukiona namba inayosoma 0101 au 0701 baada ya mwaka, usitume mpaka umeuliza.

Dada aliuliza. Yule mzee wa Nyarugusu tarehe anayo ya kweli, aliandikwa kwenye cheti cha ubatizo. Mwingine alisema hajui, na hapo hakuna kulazimisha: bosi anamsalimia Idd kwa sababu ni Mwislamu. Na wapo wasiosherehekea kabisa siku za kuzaliwa, Mashahidi wa Yehova kwa mfano. Ukituma kwao unamweka mtu kwenye wakati mgumu bure.

Kwetu sisi wa mtandaoni habari ni ileile, ila bosi na sekretari mara nyingi ni mtu mmoja, au ni wewe na binti anayeshika simu ya duka. Mimi nina wateja 14 tu kwenye orodha hii, wengi wako Katoro na Runzewe, wananunua mara kwa mara na wanatuma hela bila kusumbuana. Tarehe nawauliza wakati wa kuandika anuani ya basi: siku na mwezi, mwaka siulizi. Asiyetaka hajibu na maisha yanaendelea. Binti wa dukani anaandika rasimu kwa sababu yeye ndo anaongea nao kila siku kuliko mimi. Jina la chini linategemea sentensi za juu: kama ni yeye aliyehangaika na yule mama wa Runzewe kubadilisha saizi ya viatu mara tatu, basi salamu inatoka kwake, kwa jina lake, na mimi napita tu kuongeza "na mimi hongera mama".

Hao 14 siwawekei kwenye orodha ya kutuma kwa wengi. Kwanza, kwa nilivyoitumia mimi, inamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Pili, Katoro watu wanajuana. Wateja wangu wawili wana vibanda vinavyotazamana sokoni, mmoja akipokea salamu kesho yake anamwonyesha mwenzake. Ndiyo maana kwenye daftari, mbele ya kila tarehe, tunaandika sentensi iliyotumwa mwaka jana na aliyetumiwa, ili mama huyu asije akapata michembe ya mwenzake.