Rangi ya ngozi haipimwi kwa jicho

Ukitaka kujua jinsi jicho linavyoweza kumdanganya mtu, chukua kitambaa cha rangi ya kahawia umpelekee fundi wa cherehani mjini Isiolo, umwombe akutafutie uzi unaofanana nacho. Fundi mzoefu hatachagua uzi huo ndani ya duka chini ya taa ya stima. Atachukua kitambaa pamoja na nyuzi mbili tatu, atoke nazo hadi barazani na kuzilinganisha katika mwanga wa mchana. Anajua kwamba uzi uliofanana kabisa na kitambaa chini ya taa unaweza kuonekana wa rangi nyingine mtu afikapo mlangoni.

Fundi huyo anajua jambo lililowasumbua wataalamu wa elimu ya binadamu kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Felix von Luschan, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho mjini Berlin, alitengeneza kipimo cha rangi ya ngozi. Kilikuwa ni vigae vidogo 36 vya kioo kisichopenyeza mwanga, kila kimoja na nambari yake, kuanzia rangi nyeupe hadi rangi nyeusi. Mpimaji alichagua sehemu ya mwili isiyochomwa sana na jua, hasa upande wa ndani wa mkono, akaweka vigae karibu na ngozi na kutafuta kile kilichofanana nayo zaidi. Kisha aliandika nambari yake daftarini, na kazi ikawa imekwisha.

Njia hiyo ilienea duniani. Kwetu Afrika Mashariki, shule hiyo ya Berlin ilifika kwa miguu. Jan Czekanowski, aliyekuwa akifanya kazi chini ya von Luschan, alikuja na msafara wa Kijerumani wa mwaka 1907 na 1908 uliopita Rwanda na kuingia kaskazini mashariki mwa Kongo, akapima miili ya watu wengi njiani. Huo ulikuwa wakati ambapo nambari iliyoandikwa na mgeni juu ya mwili wa mwenyeji ilihesabiwa kuwa ni sayansi. Mwenyeji hakuwa na daftari lake la kuipinga.

Hebu tuichunguze nambari hiyo ilivyopatikana. Tuseme mpimaji amepiga hema lake karibu na Isiolo, na mbele yake amesimama kijana mchungaji. Saa mbili asubuhi, nje ya hema, anamlinganisha na vigae na kuandika 27. Alasiri kijana yule yule anarudi, na safari hii anapimwa ndani ya hema, mahali ambapo mwanga unapita kwenye turubai la rangi ya majani makavu. Sasa kigae cha 30 ndicho kinachoonekana kufanana naye. Ngozi ya ndani ya mkono haijabadilika kwa saa chache hizo. Kilichobadilika ni mwanga, lakini daftari halina safu ya kuandika mwanga.

Tatizo la pili liko katika vigae vyenyewe. Kioo kina uso laini unaong'aa, na huakisi mwanga kama kioo cha dirisha. Ngozi ina vinyweleo, vitundu na mikunjo, na mwanga huzama ndani yake kidogo kabla ya kurudi nje. Ukikigeuza kigae kidogo tu mkononi, mng'ao wake hubadilika na kukifanya kionekane cheupe zaidi. Ukimpima moran wa Kisamburu aliyejipaka mafuta na udongo mwekundu, utakuwa umepima mafuta na udongo.

Tena, rangi tunayoiona kwenye ngozi haitokani na kitu kimoja. Ipo melanini, ambayo ndiyo rangi nyeusi ya ngozi yenyewe, na ipo damu inayopita chini yake. Mtu aliyetoka kukimbia na mtu aliyetulia hawana wekundu ulio sawa. Jicho huchanganya vitu hivyo viwili na kuleta jibu moja, wala haliwezi kusema ni kiasi gani kimetoka kwenye damu na kiasi gani kwenye melanini.

La tatu, na kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote, ni mpimaji mwenyewe. Jicho hupima rangi kwa kuilinganisha na kilicho jirani, ndiyo sababu mkono ulio kando ya shuka jeupe huonekana mweusi zaidi kuliko ukiwa kando ya blanketi jeusi. Zaidi ya hayo, mpimaji aliyekwisha kuambiwa kwamba huyu ni Mborana na yule ni Mturkana huja na rangi anayoitarajia kichwani. Vigae viwili vikimtatiza, atachukua kile kinachokubaliana na alichokwisha kuamini. Kisha nambari hiyo hutumiwa kuthibitisha imani ile ile iliyoizaa.

Udhaifu huu haukuwa mgumu kuugundua. Ilitosha kumpima mtu mmoja mara mbili bila kutazama jibu la kwanza, au kuwapa wapimaji wawili mtu mmoja. Walipofanya hivyo, majibu mara nyingi hayakupatana. Kuanzia miaka ya 1950 wataalamu walianza kuviacha vigae na kutumia mashine inayotoa mwanga wake yenyewe, inayobanwa kwenye ngozi ili mwanga wa nje usiingie, na kuhesabu ni asilimia ngapi ya mwanga huo inarudi. Wakitumia mwanga mwekundu, ambao damu huumeza kidogo tu, waliweza kuikadiria melanini peke yake.

Haki inadai niseme kwamba vigae havikuwa upuuzi mtupu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha vigae hivyo na mashine za kisasa, ukaonyesha kwamba kwa jumla nambari kubwa huendana na ngozi nyeusi zaidi. Lakini kujua kwamba huyu ni mweusi kuliko yule ni jambo moja, na kusema yeye ni 27 wala si 30 ni jambo jingine.

Msomaji atauliza haya yanamhusu vipi leo. Yanamhusu akilazwa hospitalini na kubanwa kidoleni kile kifaa kinachosoma oksijeni ya damu kwa mwanga. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa ambao kifaa kiliwaonyesha wana oksijeni ya asilimia 92 hadi 96. Damu yao ilipopimwa maabara, karibu 12 katika kila wagonjwa 100 weusi walikuwa na upungufu mkubwa ambao kifaa hakikuuona. Kwa wagonjwa weupe walikuwa karibu 4 tu.

Tangu hapo watengenezaji wanadaiwa kuvijaribu vifaa hivyo kwa watu wa rangi mbalimbali. Lakini rangi hiyo itapimwaje? Kadi za rangi zinarudi, kama ile ya Monk yenye rangi 10 iliyotolewa kwa umma mwaka 2022. Sina ugomvi na kadi ikitumika kuhakikisha kwamba watu weusi hawakusahaulika. Ugomvi wangu ni pale itakapoachwa peke yake, mkononi mwa mtu mmoja chini ya taa yoyote ile, halafu jibu lake liitwe kipimo. Wanaotununulia vifaa vya hospitali wawaulize wauzaji maswali mawili kabla ya kulipa: kifaa hiki kilijaribiwa kwa watu wangapi wenye ngozi kama yetu, na ngozi hizo zilipimwa kwa mashine au kwa jicho? Wakijibiwa kwamba ni kwa jicho, wakumbuke kwamba hata fundi wa cherehani hakubali uzi kwa jicho lililo chini ya taa.