Mabilioni Pekee Hayatoshi

Tumeambiwa kwamba mnunuzi wa vidonge vya bakteria rafiki, akitumiwa picha ya boksi kutoka duka la Geita, aangalie mabilioni tu: boksi lenye namba kubwa ndilo bora. Hoja hii haina miguu. Mabilioni ya bakteria gani? Lactobacillus rhamnosus GG imepimwa sana kwa kuharisha. GR-1, iliyotiwa kwenye mtindi wa mradi wa Mwanza ulioanza 2004, ilichunguzwa zaidi kwa afya ya uke. Spishi moja, kazi mbili. Picha iliyokata herufi za mwisho imekata jibu lenyewe. Tena namba ni ya lini? 10 × 10⁹ CFU, yaani bilioni 10, "wakati wa kutengenezwa" haiahidi chochote siku ya kumeza. Bilioni 5 "hadi mwisho wa matumizi" ni ahadi.

Watasema bakteria waliokaushwa huvumilia joto. Huvumilia ndani ya mipaka iliyoandikwa, pakiti ikiwa kavu na haijafunguliwa. Agizo la "chini ya 25°C" halitimizwi mchana wa Shinyanga kwenye rafu iliyo chini ya bati, na picha haionyeshi boksi lilikaa wapi. Omba picha ya ubavuni na ya nyuma, uliza lilivyohifadhiwa. Muuzaji asipojibu, usilipe.